Fumbo la Ijumaa: kumsaidia mtoto bila kumjazia visanduku

"Mwalimu, habari ya kazi. Binti yangu yuko gredi ya tano. Kila Ijumaa analeta karatasi ya fumbo la maneno, na juu yake mmeandika, 'Mzazi amsaidie, asimpe majibu.' Sasa nitamsaidiaje bila kumpa jibu? Nikinyamaza analia, nikimwambia neno mnajua siku ya Jumatatu. Tena Kiswahili changu ni cha sokoni Kibuye, si cha vitabuni." – Mama, Kisumu

Mama, salamu. Kosa ni langu. Niliandika agizo la maneno manne nikadhani limejieleza, na wewe si wa kwanza kulalamika. Kwa hiyo jibu hili nimelifanya barua ya wazazi wote wa gredi ya tano. Nitatumia fumbo la muhula uliopita, ambalo tayari lilisahihishwa, ili nisiwauzie watoto majibu ya wiki hii.

Katika lile fumbo kulikuwa na pembe moja iliyowatesa watoto, yenye maneno matano yaliyoshikana. Vidokezo vyake vilikuwa hivi. 1 Chini: "Mtu aliyekula chumvi nyingi," visanduku 4. 2 Kulia: "Nakuru, Naivasha na Baringo: kila moja ni hili," visanduku 4. 3 Chini: "Mvuvi huutupa majini," visanduku 4. 4 Chini: "Mkulima hulipalilia," visanduku 6. Na 5 Kulia: "Toa mazao shambani yakiiva," visanduku 4. Kabla hujaendelea kusoma, chukua kipande cha karatasi ujaribu. Ukikwama mahali, hapo ndipo mtoto wako naye alipokwama.

Kwanza tukubaliane juu ya visanduku, maana nusu ya machozi hutoka hapo. Kila kisanduku hubeba herufi moja. SH ni sauti moja mdomoni lakini kwenye karatasi inachukua visanduku viwili, sawa na CH, TH, DH, GH na NY. Ng'ombe anachukua sita: N, G, O, M, B, E. Ile alama ya juu haina kisanduku chake. Kuna magazeti na vitabu vinavyoweka CH kwenye kisanduku kimoja, na mtoto aliyezoea hivyo atakuambia neno halitoshi wakati linatosha. Akikuletea kesi ya namna hiyo, hiyo mwambie wazi tu. Ni kanuni ya mchezo, si jibu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Mtoto anaposema "sijui," mara nyingi amesoma kidokezo mara moja, akaokota neno moja ndani yake, akaanza kukisia. Kwenye 3 Chini wengi waliokota "mvuvi," wakaandika NDOANO. Wakahesabu, herufi sita kwa visanduku vinne. Wakafuta, wakaandika NYAVU. Tano. Hapo ndipo mtoto anapokuja jikoni kukuuliza, nawe umeshika mwiko na omena iko motoni.

Usimwambie neno. Mwambie akusomee kidokezo kwa sauti, polepole, kisha muulize swali moja: "Huutupa. Hiyo 'u' ya katikati ni ya kitu gani?" Kwenye "huutupa" kuna "hu" ya mazoea, halafu kuna "u" inayosimama badala ya kitu kinachotupwa. Ndoano tungesema "huitupa," kwa sababu ni ndoano hii. Nyavu tungesema "huzitupa," kwa sababu ni nyavu hizi. Kinachotafutwa ni kitu ambacho ukikionyesha kwa kidole unasema "huu," tena ni kimoja. Mtoto aliyekwisha kutaja nyavu amebakiza hatua moja tu, kuurudisha wingi kwenye umoja. Atafika kwenye WAVU mwenyewe, na hataisahau.

Hilo la upatanisho wa kisarufi ndilo ningependa mlishike kuliko yote, kwa sababu fumbo la Kiswahili lina zawadi ambayo mafumbo ya Kiingereza hayana. Kidokezo chenyewe kinakunong'oneza ngeli ya jibu. "Hulipalilia" ina "li," kwa hiyo jibu ni kitu cha "hili." "Hukitumia" ingekuwa kitu cha "hiki." Na wewe mama unayesema Kiswahili chako ni cha Kibuye, hebu jisikilize unapouza. Pengine hujui kwamba kuna kitu kinachoitwa ngeli ya LI-YA, lakini ukiambiwa "papai hiki" sikio linakataa. Sikio hilo ndilo tunalolihitaji. Muulize tu mtoto, "Ni hii, hiki, hili au huu?" mpaka achoke nawe.

Kuna jambo dogo linaloendana na hilo. Umbo la kidokezo ndilo umbo la jibu. 5 Kulia inasema "Toa mazao," haisemi "Kutoa mazao." Kwa hiyo jibu ni VUNA, wala si KUVUNA. Kidokezo kikianza na "kutoa," jibu nalo lingeanza na "ku." Mtoto aliyeshika hilo haning'inii na herufi mbili zilizozidi.

Twende kwenye 2 Kulia, ambako nilijikwaa mimi mwenyewe. Niliandika "kila moja ni hili" nikiamini nimefunga milango yote. Naivasha ni mji, lakini mji ni "huu." Baringo ni kaunti, lakini kaunti ni "hii." Linalobaki ni ZIWA. Jumatatu watoto watatu wa ploti moja wakaleta ENEO. Nikacheka, kisha nikahesabu. E, N, E, O, visanduku vinne. Eneo hili. Linafaa kabisa! Nilijua pia kwamba hilo si neno la mtoto wa gredi ya tano anayekisia. Kuna mtu mzima mmoja wa hiyo ploti aliyetoa jibu, nalo likazunguka milango mitatu.

Yule mtu mzima alikosa kitu kimoja tu, kuangalia majirani. Herufi ya tatu ya 2 Kulia ndiyo herufi ya kwanza ya 3 Chini. Ukiandika ENEO, kile kitu cha mvuvi kinaanza na E, nasi tumekwisha kuona ni WAVU. Neno linaweza kupatana na kidokezo, likapatana na idadi, na bado likawa si lenyewe. Linathibitishwa na lile linalolikata. Kwa hiyo mtoto akikuuliza, "Mama, hii ni sawa?" usiseme ndiyo wala hapana, hata kama unajua. Sema, "Neno gani linapita hapo? Lenyewe linakubali?" Ukijibu ndiyo au hapana umemgeuza mchezaji wa kubahatisha. Atakutajia maneno kumi akiusoma uso wako.

Kwa sababu hiyo pia tunataka penseli na kifutio. Kuna karatasi moja ya fumbo lile nimeihifadhi. Kisanduku cha tatu cha 4 Chini kimefutwa mpaka karatasi imetoboka. Ukiiinua kwenye dirisha unaona yote yaliyopita. Mtoto aliandika SAMBA kuanzia juu. S, A, kisha M. Lakini kisanduku hicho cha tatu ndicho cha mwisho cha VUNA, na VUNA inataka A. Akafuta M akaweka A, akafuta A akarudisha M. Mwishowe akafanya ujanja, akaiteremsha SAMBA yote kisanduku kimoja chini. Sasa ile A ikakaa pale pale inapotakiwa, VUNA ikatulia, na kisanduku cha juu kikabaki kitupu. Akaleta hivyo.

Angalia alivyokuwa karibu. Herufi nne za mwisho, A, M, B, A, zote ziko mahali pake. Kilichokosekana ni H tu. Kwa sisi wa huku si ajabu. Dholuo haina sauti ya SH wala ya Z, na mtoto aliyelelewa akisikia "samba" nyumbani ataandika anachosikia. Kila upande una yake. Kwa wenzetu wa Bungoma na Kakamega mara nyingi ni P kukaa penye B, na kwa wale wa Nakuru ni L na R. Si ujinga, ni sikio la nyumbani.

Mzazi angefanya nini hapo bila kusema "weka H"? Mambo mawili yangetosha. La kwanza, angeuliza, "Namba 4 imeandikwa kwenye kisanduku kipi?" Neno huanza kwenye namba yake. Kisanduku chenye namba hakiwezi kubaki kitupu, kwa hiyo neno ni refu kuliko alivyodhani, basi kuna herufi aliyoimeza. La pili ni tamu zaidi. Angemwambia, "Soma tena vidokezo vyote, utafute neno linalofanana na hilo lako." Kidokezo cha 5 Kulia kina neno "shambani," limechapishwa, liko wazi. Tahajia aliyoitafuta mpaka akatoboa karatasi ilikuwa sentimita chache pembeni. Mara nyingi naziacha alama kama hizo kwa makusudi, na ninyi mna ruhusa kamili ya kumwelekeza mtoto asome kilichoandikwa.

Lakini kukatana kwa maneno kuna mpaka wake, na lazima niuseme ili msije mkaniambia nilidanganya. Kisanduku cha kwanza cha 2 Kulia ndicho cha pili cha 1 Chini. Majibu ni ZIWA na MZEE, yanashirikiana Z. Mtoto mmoja aliandika SIWA na MSEE. Yanashirikiana S! Idadi sawa, majirani wanapatana, hakuna kilichogombana, naye akafunga daftari akaenda kucheza. Makosa mawili ya aina moja yamekutana kwenye kisanduku kimoja yakapeana mkono. Msee wenyewe anatembea mitaani kila siku, "niaje msee," kwa hiyo hata sikio halikushtuka.

Hapa kamusi ndiyo husaidia, na si lazima iwe ya nyumbani, kwani tunazo darasani. Akitafuta "siwa" atalipata, nalo litamshangaza. Siwa ni baragumu kubwa la pembe ya ndovu au shaba lililopigwa katika sherehe za watu wakubwa huko Pate na Lamu, na pia humaanisha kisiwa kikubwa. Naivasha si baragumu. Kwa "msee" hatapata chochote kwenye kamusi ya Kiswahili sanifu. Kama nyumbani hamna kamusi, acheni kama ilivyo. Ukijua wewe kwamba ni Z, nakuomba uzuie ulimi. Mimi nikiona SIWA siku ya Jumatatu najua nifundishe nini wiki hiyo. Nikiona ZIWA iliyosahihishwa nyumbani, nitapita nikidhani ameelewa, na kwenye insha ataandika "siwa" tena.

Hiyo 1 Chini ina shida ya aina nyingine, na hapo jibu langu kwako, mama, ni tofauti kidogo. "Aliyekula chumvi nyingi" ni msemo. Mtoto asiyewahi kuusikia hawezi kuufikia kwa kufikiri, hata akae usiku kucha. Waliandika MLAFI, wengine MGONJWA, maana walifikiria chumvi ya kwenye chakula. Wana akili, ila hawajaambiwa. Kwa methali, misemo na vitendawili, mzazi anaweza kusema maana kwa lugha ya nyumbani. Sema "jaduong'," au msimulie, "Mtu akiishi miaka mingi amekula chumvi ya sufuria ngapi?" Kazi ya kulitafuta neno la Kiswahili na kuliandika bado ni yake. Kwa 2 Kulia nisingesema "nam," kwa sababu hapo kufikiria ndiyo kazi yenyewe na mtoto analijua ziwa tangu azaliwe. Tofauti ndiyo hiyo. Asichoweza kukijua mpe njia, anachokijua ila hajakikumbuka msubiri.

Na kusubiri kwenyewe? Ukishauliza swali, nyamaza mpaka umalize kuosha sufuria mbili. Sisi watu wazima tunaona kimya cha mtoto kama kushindwa, tunaongeza, "Inaanza na W... wa... wav..." Hiyo si kusaidia, ni kutoa jibu kwa awamu. Herufi ya kwanza usiitoe kamwe. Akitaka herufi, azipate kwa neno linalokata. Mwambie aache 3 Chini, ajaze 5 Kulia kwanza, kisha arudi na V mkononi. Kuna na msaada mwingine ambao ni wa bure. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho ni A, E, I, O au U. Mtoto akishakwama kabisa, muulize, "Cha mwisho kinaweza kuwa nini?" Mara nyingine hiyo tu inamfungulia neno linalopita hapo.

Dakika 20 Ijumaa, nyingine 20 Jumamosi au Jumapili. Fumbo la maneno 12 halihitaji zaidi. Hivi viraka viwili ni bora kuliko saa nzima ya mfululizo, kwa maana neno lililogoma usiku mara nyingi hujileta lenyewe asubuhi akipiga mswaki. Baada ya hapo, kilichobaki kitupu kibaki kitupu. Sikati alama kwa kisanduku kitupu. Simu msimpe, na lile kundi la wasapu la wazazi tafadhali lisiwe soko la majibu. Muhula uliopita niliona picha ya fumbo zima lililojazwa kwa kalamu ya wino saa 2 usiku wa Ijumaa.

Ikitokea umeteleza ukasema neno, maana nawe ni binadamu na mtoto ameanza kulia, haina neno. Mwambie aweke nukta ndogo kwa penseli pembeni mwa kidokezo hicho. Nukta kwangu inamaanisha "hili niliambiwa." Siiadhibu. Jumatatu namwita mwenye nukta anieleze kwa nini neno hilo linafaa, na akiweza, namhesabia. Wale wasio na nukta hata moja nao nawauliza neno moja moja. Mwenye karatasi safi kabisa asiyeweza kuniambia "hulipalilia" ina "li" ya nini, huyo ndiye ninayemwandikia mzazi.

Kwa wiki hii, fumbo lina maneno 13. Kidokezo cha 6 Chini kina majibu mawili yanayotosha idadi na ngeli. Safari hii nimefanya kusudi, sijajikwaa. Mtoto akikwama hapo mwambie aanze na 9 Kulia. Na kwenye 11 Kulia mpiga chapa amekula herufi mbili, paliposomeka "hukivaa" pasomeke "hukivalia." Sahihisheni kwa kalamu kabla hajaanza.